Maji ya Kisima katika Bilauri: Mambo Yaonekanayo Pichani na Yasiyoonekana

Mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Novemba, mvua ikiwa bado, mkulima mmoja wa Majengo hapa Dodoma, ambaye shamba lake la mtama liko nje ya mji, alinijia na simu yake mkononi. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na picha tatu, na kila picha ilionyesha bilauri moja ya maji. Bilauri ya kwanza ilikuwa ya kisima kilichochimbwa uani kwake, na maji yake yaling'aa kama kioo. Ya pili ilikuwa ya kisima kirefu chenye pampu, ambako watu hununua maji kwa ndoo, na hayo yalikuwa meupe kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Ya tatu ilikuwa ya shimo lililofukuliwa katika mchanga wa korongo karibu na shamba, na rangi yake ilikuwa ya udongo.

Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kukata shauri. Maji ya uani ndiyo yatakayonywewa, na ndiyo atakayokorogewa maziwa ya unga mjukuu wa miezi miwili, maana mama yake alikuwa mgonjwa na hakuweza kumnyonyesha. Maji ya pampu yaachwe, kwa kuwa yana weupe usiojulikana na tena yana ladha ya chumvi kidogo. Maji ya korongo wapewe mbuzi. Mzee yule aliniuliza, "Bwana Shamba, si ndivyo picha zisemavyo?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, picha hizi bado hazijasema neno. Tuzipige upya, kisha tuzisikilize."

Sikusema hivyo kwa kumdharau. Picha ya maji katika bilauri ni chombo chema, na siku hizi karibu kila nyumba ina simu ya kuipigia. Lakini yataka kupigwa kwa kanuni, na mwenye kuitazama yampasa ajue mpaka wake. Katika picha zile tatu, bilauri ya kwanza ilipigwa asubuhi mbele ya ukuta mweupe, ya pili ilipigwa jioni chini ya taa ya manjano, na ya tatu ilishikwa mkononi juani, na nyuma yake pana ardhi nyekundu ya shambani. Bilauri zenyewe hazikulingana: moja ilikuwa nyembamba na mbili nene. Mtu akilinganisha picha za namna hiyo, hulinganisha kuta na taa, wala halinganishi maji.

Tufikiri kwanza ukungu wa maji ni kitu gani. Maji matupu hupitisha mwanga moja kwa moja. Yakiwa na chembe ndogo ndani yake, za udongo, za kutu, au vipovu vya hewa, kila chembe huugonga mwanga na kuutawanya pande zote. Mwanga huo uliotawanyika ndio tuuitao ukungu. Aliyelala mchana ndani ya tembe amekwisha kuona jambo hili. Mahali palipo na tundu darini, mwale wa jua huingia, na ndani ya mwale ule vumbi huonekana likicheza, ambapo penginepo chumbani hewa yaonekana safi kabisa. Vumbi limejaa chumba kizima, ila huonekana pale tu mwanga upitapo kwa ubavu na nyuma yake pana giza.

Kwa sababu hiyo ukuta mweupe ni mficha siri. Weupe wa chembe hupotea katika weupe wa ukuta, na maji yenye ukungu kidogo huonekana safi. Nguo nyeusi, kama kaniki, huyafichua. Lakini nguo nyeusi peke yake haitoshi pia, kwa kuwa rangi ya maji, kama ile ya majani yaliyooza, huonekana vizuri zaidi mbele ya weupe. Basi tulitumia vyote viwili.

Tuliteka maji ya visima vyote vitatu asubuhi moja, kila aina katika chupa yake iliyosafishwa na kisha kusuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayotiwa. Tulitafuta bilauri nne za kufanana, zisizo na mchoro wala mkwaruzo, tukaziosha na kuzisuuza vivyo hivyo. Bilauri ya nne tuliijaza maji ya chupa ya dukani, ili jicho lipate kitu cha kulinganishia. Tuliziweka juu ya meza barazani, kivulini, mahali ambapo mwanga wa mchana huingia kwa upande mmoja. Nyuma yao tulitundika kaniki, na chini ya kila bilauri tukaweka kipande cha gazeti chenye herufi. Tuliandika namba kwenye karatasi mbele ya kila bilauri, pamoja na saa. Chupa tulizigeuza polepole mara kadhaa kabla ya kumimina, ili kilichotuama kichanganyike, kwa maana ukimimina maji ya juu tu umepiga picha ya nusu ya habari. Tulimimina bilauri zote hadi kimo kimoja, sentimita 10, tukafuta unyevu wa nje. Unyevu huu umewadanganya wengi: maji yatokayo kisimani yakiwa baridi kuliko hewa, bilauri hutoka jasho, na jasho hilo pichani huonekana kama ukungu wa maji.

Simu tuliiweka juu ya matofali mawili, mbele ya bilauri na kwa kimo chake, isisogezwe tena. Bilauri zote nne zilikuwa katika picha moja. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote katika kazi hii. Simu hujirekebisha yenyewe kila ipigapo picha: ikiona giza huongeza mwanga, ikiona manjano hujaribu kuiondoa, na mwenyewe hukuuliza. Picha mbili zilizopigwa mbalimbali zaweza kuwa na marekebisho mawili mbalimbali. Bilauri zikiwa pamoja katika picha moja, kosa la simu, kama lipo, huzipata zote kwa namna moja, na tofauti iliyo baina yao hubaki kuwa ya kweli. Taa ya simu tuliizima, kwa kuwa hurudishwa na kioo cha bilauri na kuacha doa jeupe.

Picha ya kwanza tuliipiga mara tulipokwisha kumimina. Kisha tukapiga baada ya dakika 5, baada ya saa moja, na kesho yake asubuhi. Kati ya picha hizo hakuna aliyezigusa bilauri wala meza, na tulizifunika kwa visahani ili vumbi lisiingie.

Picha ya kwanza ililingana na zile za mzee: maji ya pampu meupe, ya korongo yana rangi ya udongo, ya uani safi. Lakini katika picha ya dakika 5 maji ya pampu yalikuwa yamekuwa safi kama yale ya dukani. Sisi tuliokuwa pale tuliona hata namna yalivyosafika: weupe ulianza kuondoka chini, ukapanda polepole kama pazia livutwalo juu, mpaka ukatoka kabisa. Hiyo ni alama ya hewa. Maji yaliyoko chini sana ardhini, au yaliyosukumwa na pampu kwa nguvu, hubeba hewa ndani yake, na yakifika juu hewa hiyo hutoka kwa vipovu vidogo mno visivyoweza kuonekana kimoja kimoja. Vipovu hupanda, kwa hiyo chini husafika kwanza. Havina madhara yoyote. Udongo hufanya kinyume chake: huzama, na maji husafika kuanzia juu. Basi mtu akitaka kujua weupe wa maji ni wa hewa au wa udongo, atazame unakoondokea. Picha moja haiwezi kumwambia jambo hilo hata ingekuwa nzuri namna gani, ila picha mbili zenye saa zake zaweza.

Bilauri ya korongo ilitufundisha habari za udongo. Mchanga laini, ambao chembe yake ni sehemu ya kumi ya milimita, huzama sentimita 10 katika muda wa sekunde kumi na chache. Kabla hatujapiga picha ya kwanza, mchanga wetu ulikuwa umekwisha kulala chini. Tope laini, ambalo chembe yake ni ndogo mara kumi kuliko ya mchanga ule, huchukua kama dakika 20 kwa safari ile ile, maana chembe ikipungua mara kumi, mwendo wake hupungua mara mia. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe yake ni ndogo mara kumi tena, hutaka zaidi ya siku nzima, na ulio mwembamba kupita huo hautui kabisa pasipo dawa ya kuugandisha. Ndiyo sababu katika picha ya saa moja tuliona mistari miwili chini ya bilauri, mchanga chini na tope juu yake, na maji yaliyobaki bado yana rangi ya udongo. Kesho yake asubuhi yalikuwa yamepungua rangi kwa juu, lakini hayajawa safi. Kwa bilauri hiyo mkulima aweza kupima pia unene wa mashapo kwa rula, na kujua kama pampu yake ya kunyunyizia dawa shambani itaziba mdomo akiyatumia maji hayo. Tena dawa nyingine za kuua magugu hunaswa na udongo ulio majini zikapoteza nguvu, na mkulima hulalamikia dawa kumbe kosa ni la maji.

Naongeza jambo moja ambalo halikutokea kwetu lakini hutokea kwingi. Maji mengine hutoka kisimani safi kabisa, na kesho yake huwa mekundu au ya kahawia, na chini yana unga kama kutu. Hayo yana madini ya chuma yaliyoyeyuka, ambayo yakikutana na hewa hugeuka kuwa kutu. Anayepiga picha mara moja tu, saa ile ile ya kuteka, hatayajua.

Sasa nirudi kwenye bilauri ya uani, iliyokuwa fahari ya nyumba. Mbele ya kaniki, kwa mwanga wa ubavuni, ilikuwa na ukungu mwembamba kidogo kuliko ya dukani, na punje chache zilizoelea. Mbele ya ukuta mweupe haikuonyesha kitu. Tulipotazama kwa juu, tukizisoma herufi za gazeti kupitia maji, zilisomeka zote bila taabu. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa jicho la mtu huanza kuuona ukungu unapofika kama vipimo 4 vya kifaa cha kupimia ukungu. Na maji yatakayotiwa klorini yafaa yawe chini ya kipimo 1, maana chembe huwapa vijidudu mahali pa kujificha dawa isiwafikie. Baina ya 1 na 4 jicho halioni kitu katika bilauri ya kawaida, na kamera ya simu haioni zaidi ya jicho. Tena picha ikitumwa kwa ujumbe kutoka simu hadi simu hupunguzwa ukubwa, na vitu vya kwanza kupotea ni zile punje ndogo ulizotaka kumwonyesha mwenzako. Tulimtumia binti wa mzee picha yetu, aliye mjini Morogoro, akajibu, "Baba, sioni punje yoyote." Hakukosea, kwa kuwa hazikumfikia.

Mzee alifurahi kwa jibu hilo, akasema maji yake basi ni safi. Hapo ndipo nilipomwomba tutembee uani. Tulipima kwa hatua toka kisimani hadi choo cha shimo cha nyumba yake, tukapata hatua 12; na choo cha jirani, nyuma ya ukuta, kilikuwa karibu zaidi. Mdomo wa kisima ulikuwa na matofali, lakini sakafu ya kuuzunguka ilikuwa imepasuka.

Maji yapitayo katika mchanga na changarawe huchujwa chembe zake, lakini hayachujwi vitu vilivyoyeyuka. Chumvi, floridi na nitrati havina chembe za kutawanya mwanga. Hupita katika bilauri bila kuacha alama, kama sukari katika chai. Nitrati hutoka vyooni, katika mazizi na katika mbolea, na katika miji yenye vyoo vya shimo vilivyosongamana huingia katika maji ya visima vifupi. Vijidudu vya maradhi vina mwili, ni kweli, lakini ni vidogo hata maelfu yao katika bilauri moja hayatii ukungu wa kuonekana. Kwa hiyo maji yaweza kuwa safi machoni na mabaya tumboni, na maji yenye udongo kidogo yaweza kuwa hayana kijidudu hata kimoja. Picha haina neno juu ya mambo hayo. Si kwamba hutoa jibu dhaifu. Haitoi jibu lolote.

Tulipeleka maji ya uani na ya pampu kwenye maabara ya maji ya Serikali. Kwa kupima vijidudu hutumiwa chupa itolewayo na maabara yenyewe, isiyofunguliwa kabla ya wakati, ikawekwa mahali pa baridi na kufikishwa siku ile ile. Majibu yaliporudi, kisima cha uani kilikuwa na vijidudu vya kinyesi, na nitrati yake ilipita miligramu 50 kwa lita, ambacho ni kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kisima cha pampu hakikuwa na vijidudu, nitrati yake ilikuwa chini, na floridi yake haikufika miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho kikipitwa meno ya watoto huanza kuharibika rangi. Chumvi ilikuwapo, kama ulimi ulivyokwisha kusema, lakini si ya kudhuru.

Bibi wa nyumba hakuona shida. "Mimi humchemshia mtoto maji siku zote," akasema. Nilimwambia, "Vema sana, Bibi, na kwa vijidudu umemlinda. Lakini nitrati haifi kwa moto. Maji yakichemka hupungua kwa mvuke, na nitrati hubaki yote sufuriani, basi huwa kali kidogo kuliko kwanza." Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 anyweshwaye maziwa ya unga ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa kuwa nitrati hugeuka mwilini mwake na kuizuia damu isibebe hewa sawasawa, midomo na kucha huwa na rangi ya buluu, mtoto akatweta, na yampasa kupelekwa hospitali pasipo kukawia. Mjukuu yule hakuwa amefika huko. Tangu jioni ile maziwa yake yalikorogwa kwa maji ya pampu yaliyochemshwa.

Kisima cha uani hakikufukiwa. Hutumika kwa kufulia na kumwagilia mchicha, ambao nitrati kwake ni mbolea, ila maji humwagwa chini penye mizizi, wala si juu ya majani yatakayoliwa. Maji ya korongo yamebaki ya mbuzi.

Mzee ameendelea kupiga picha zake, meza ile ile, kaniki ile ile, kila mwezi, na sasa ameona faida ambayo sikumtajia. Siku mbili baada ya mvua kubwa ya mwezi wa Machi, bilauri ya uani ilikuwa na ukungu hata mbele ya ukuta mweupe, na bilauri ya pampu ilikuwa vile vile kama mwezi wa Novemba. Kisima ambacho maji yake hubadilika upesi baada ya mvua kinapokea maji ya juu ya ardhi, ama kwa mdomo ama kwa ubavu. Tulimwaga ndoo moja ya maji yaliyotiwa majivu juu ya ule ufa wa sakafu, tukachungulia ndani kwa tochi, na kabla ya dakika kupita tuliyaona majivu yakitiririka ukutani mwa kisima.